Hati ya majina mawili, mfuko wake mwenyewe, au kusubiri mahakama: kipi kinamlinda anayebaki nyumbani?

Wenza wengi wakiamua mmoja aache kazi alee watoto, mazungumzo huishia kwenye bajeti ya mwezi: mshahara mmoja utatosha kodi, ada na chakula? Swali la pili huwa haliulizwi. Huyu anayeacha kazi, akiba yake ya uzeeni inaishia wapi, na nyumba inayojengwa miaka hiyo itakuwa ya nani kwenye karatasi?

Hapa nalinganisha njia tatu ambazo mume na mke wa Tanzania Bara wanazo. Ya kwanza ni kutofanya lolote na kuitegemea Sheria ya Ndoa. Ya pili ni kuandika majina mawili kwenye nyumba au kiwanja. Ya tatu ni kumwekea anayebaki nyumbani mfuko wake wa kila mwezi, kwa jina lake. Nitazungumza zaidi kana kwamba anayebaki ni mke, kwa sababu ndiyo hali ya nyumba nyingi, lakini vifungu ninavyovitaja havibagui. Mume anayelea watoto wakati mke yuko kazini ana haki hizo hizo.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Salum ni fundi mitambo, mshahara wake ni shilingi 1,400,000. Rehema alikuwa karani wa ghala kwa mshahara wa 450,000, akaacha kazi mwaka 2019 baada ya mtoto wa pili. Kiwanja chao kipo Chanika, walikinunua 2016, na karatasi yake ni ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mnunuzi ni Salum. Jina la Rehema lipo pia, lakini kwenye mstari wa mashahidi. Bati za nyumba zilinunuliwa kwa pesa za kikoba za Rehema, shilingi 1,800,000, na risiti ikaandikwa jina la Salum kwa kuwa ndiye aliyeenda dukani. Nyumba leo ina thamani ya shilingi milioni 60. Watu hawa ni wa kubuni, ila karatasi za namna hii zimejaa kwenye makabati ya watu.

Kusubiri sheria

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja inapotoa talaka au amri ya kutengana. Inaitaka iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na baada ya hapo ielekee kwenye mgawanyo ulio sawa. Kwa miaka mingi majaji walivutana juu ya neno hilo "kazi": kupika, kufua na kulea kumo? Mahakama ya Rufani ilimaliza ubishi mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif. Jaji Mkuu Nyalali alisema kazi za nyumbani ni mchango. Mke anayeshika nyumba anampa mume nafasi ya kwenda kutafuta, na kwa hiyo ameshiriki kuichuma mali.

Hukumu hiyo inatajwa sana kwenye semina, lakini mwisho wake hautajwi. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo wa nyumba. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara, na mahakama ikaona amezitapanya. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akatoka mikono mitupu. Ukitaka kuijua nguvu ya njia hii ya kwanza, itazame kesi hiyo mpaka ukurasa wa mwisho. Kazi yako inatambuliwa, kisha inawekwa kwenye mizani pamoja na mambo mengine yote, na kiasi utakachopata kinategemea ushahidi na jinsi hakimu alivyouona. Hakuna nusu inayokungoja mezani.

Ushahidi wenyewe una kikwazo. Kifungu cha 60 cha sheria hiyo hiyo kinasema mali iliyo kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni yake peke yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo Rehema ataanza akiwa nyuma. Ni lazima aonyeshe ndoa ilifungwa lini, kiwanja kilinunuliwa lini, ujenzi ulikwenda vipi, nani alisimamia mafundi, bati zilitoka wapi. Kitabu cha kikoba kinaweza kumsaidia kama kipo. Risiti ya bati inamwumiza. Na ile saini yake kama shahidi inaweza kugeuzwa dhidi yake kirahisi: ulikuwepo, ulijua, na ulikubali kwamba mnunuzi ni mume wako.

Tena mlango wenyewe ni mrefu kuufikia. Kwanza shauri la ndoa lipite kwenye baraza la usuluhishi, liwe la kata au la kidini kama BAKWATA, litoe hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Kisha mahakama, ambayo inaweza kuwa ya Mwanzo, isikilize na kuvunja ndoa. Mgawanyo unafuata hapo. Talaka iliyotolewa kwa mdomo sebuleni haimgawii mtu tofali hata moja mpaka mahakama iamue.

Lakini kasoro kubwa ya njia hii ni kwamba kifungu cha 114 kinasubiri ndoa ife, na kinahusu talaka na kutengana tu. Salum akifariki kesho wakiwa wanapendana, kifungu hicho hakina kazi. Linakuja suala la mirathi, na huko hesabu ni nyingine kabisa.

Majina mawili

Hapa ndipo ninapoona kinga kubwa kuliko zote kwa familia yenye nyumba au kiwanja, na kwa bahati mbaya ndipo watu wanaona haya kupagusa. Mke akitaja hati, mume anasikia talaka. Mimi ningeanza mazungumzo hayo kwa kifo, maana kifo hakina lawama kwa mtu.

Karatasi ya majina mawili inaugeuza ule mwanzo wa kesi. Kifungu cha 60 kinasema mali ikiwa kwa majina ya wote wawili, hisa zao zitachukuliwa kuwa sawa. Anayetaka kudai zaidi ya nusu ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha. Rehema hahitaji tena kumtafuta fundi wa mwaka 2017 aje aseme nani alimpikia.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inatoa namna mbili za kumiliki kwa pamoja, na tofauti yake inafaa kueleweka kabla ya kujaza fomu. Namna ya kwanza ni umiliki wa pamoja usiogawanyika, unaoruhusiwa kwa wanandoa: mmoja akifa, sehemu yake inahamia kwa aliyebaki, na nyumba haiingii kwenye mirathi. Namna ya pili ni umiliki wa hisa, ambapo kila mmoja ana fungu lake. Mmoja akifa, fungu lake tu ndilo linalokwenda kwa warithi.

Tuweke nyumba ya Chanika kwenye mizani hiyo. Salum na Rehema ni Waislamu, na mjane aliyeachiwa watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Nyumba ikibaki kwa jina la Salum pekee na ikachukuliwa yote kuwa ni yake, thumni ya milioni 60 ni milioni 7.5. Wakimiliki kwa hisa nusu kwa nusu, Rehema ana milioni 30 zake ambazo si urithi, na anapata thumni ya zile 30 nyingine, ambayo ni milioni 3.75. Jumla ni milioni 33.75. Na kama Salum alikuwa na mke wa pili, thumni ni moja wanagawana. Rehema atapata milioni 3.75 katika hali ile ya kwanza, au kama milioni 31.9 katika hii ya pili. Wakichagua umiliki usiogawanyika, nyumba yote inabaki kwake. Hesabu zote hizi ni kabla ya madeni ya marehemu.

Kwa wenza wa Kiislamu wasiotaka kuwaondolea watoto na wazazi mafungu yao, umiliki wa hisa ndio ningeushauri. Hauigusi mirathi ya mtu. Unaandika tu ukweli kwamba nusu haikuwa ya marehemu tangu mwanzo. Kwa familia inayofuata mila, ambako ukoo hukaa kikao na msimamizi wa mirathi huweza kuwa shemeji, jina la mke kwenye karatasi lina uzito zaidi.

Lakini karatasi yenyewe ni ipi? Wengi hawana hati miliki. Kama Salum na Rehema, wana karatasi ya mauziano, na wengine mijini wana leseni ya makazi, na vijijini hati ya hakimiliki ya kimila. Wakati wa kuweka majina mawili bila gharama kubwa ni pale karatasi inapotengenezwa kwa mara ya kwanza. Wakati wa kununua, wote wawili waandikwe wanunuzi, wote wasaini upande wa wanunuzi, na mashahidi wawe watu wengine. Nafasi ya pili ni urasimishaji unapopita mtaani. Wapimaji wanaandika jina la mtu waliyemkuta au waliyetajiwa, na jina hilo ndilo litakalofika kwenye hati. Salum aseme majina mawili siku hiyo hiyo, na wote wawili wapeleke vitambulisho. Ukisubiri hati itoke kwa jina moja ndipo uongeze la pili, unaingia kwenye uhamisho wa miliki, pamoja na uthamini, ada na ushuru wake, na mara nyingi jambo linaahirishwa mpaka linasahaulika.

Salum na Rehema wanaweza pia kwenda kwa wakili wakaandika tamko kwamba kiwanja kile kilinunuliwa na wote na kila mmoja ana nusu, likasainiwa na kuambatishwa kwenye karatasi ya mauziano. Halina nguvu ya hati, ila linalifuta tatizo la ule mstari wa mashahidi.

Udhaifu wa njia hii nao upo. Majina mawili hayaleti pesa ya dawa leo. Na hayazuii kila kitu upande wa mikopo. Sheria inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani, iwe jina lake limo au halimo, na kama jina lake halimo anaweza kuweka zuio kwenye usajili wa ardhi. Benki zinalijua hilo, ndiyo maana zina fomu ya ridhaa ya mwenza. Nyumba nyingi zimepotea kwa fomu hiyo, iliyosainiwa haraka usiku kwa maneno ya "ni utaratibu tu". Kabla ya kusaini, aulize mambo matatu: kiasi cha mkopo, muda wake, na kama rehani inafunika mkopo huu tu au na mingine itakayofuata. Asipojibiwa, asisaini.

Mfuko wake wa kila mwezi

Njia ya tatu ni ya waliopanga nyumba, na ya wale wote ambao mwaka mzima hawataigusa ardhi. Kila mwezi kiasi fulani kinaingia mahali penye jina la anayebaki nyumbani. Hapa simaanishi pesa ya matumizi. Pesa ya mboga ikibaki ni bahati. Pesa hii haiguswi na mboga.

Kiasi gani? Watu hupenda kuhesabu ingegharimu nini kumlipa mtu mwingine afanye kazi ile: dada wa kazi, kituo cha kulelea watoto, anayefua, anayekaa na mgonjwa. Ni hesabu nzuri ya kumfumbua macho asiyeiona kazi, lakini kama kipimo cha malipo huzaa ubishi. Salum atasema dada wa jirani analipwa laki moja, Rehema atasema dada wa jirani haamki saa nane za usiku mtoto akiwa na homa, na kikao kitavunjika. Mimi naona heri kipimo cha kile kilichopotea.

Rehema alipokuwa kazini, NSSF ilikuwa inapokea asilimia 20 ya mshahara wake, kumi kutoka kwake na kumi kutoka kwa mwajiri. Kwa mshahara wa 450,000 hiyo ni shilingi 90,000 kila mwezi. Tangu aache, miaka sita ni miezi 72, na miezi 72 mara 90,000 ni shilingi 6,480,000 ambazo hazikuwekwa. Wakati huo huo, kwa Salum zimeendelea kuingia 280,000 kila mwezi kwa jina lake. Yaani nyumba hii inamwandaa mtu mmoja kwa uzee na mwingine haimwandai kabisa, na hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo.

Kuna hasara nyingine nyuma ya hiyo. Ili mwanachama astahili pensheni ya kila mwezi anahitaji michango ya miezi 180, sawa na miaka 15. Tuseme Rehema alikuwa na miezi 84. Amebakiza 96. Akikaa nyumbani bila kuchangia, miaka ile saba ya ghala haimpi pensheni. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya mfuko wake ningeipeleka huko, kwa utaratibu wa uchangiaji wa hiari, ambao NSSF inao kwa watu wasio kwenye ajira rasmi. Kabla ya shilingi ya kwanza, aende na namba yake ya uanachama akaulize kama miezi mipya itaunganishwa na ile 84, na aombe taarifa ya michango iliyochapishwa. Asitosheke na jibu la mdomo dirishani.

Sehemu ya pili iwe inayoweza kutolewa haraka. Akaunti yake ya benki inatosha, au vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kama Mfuko wa Ukwasi, vikinunuliwa kwa jina lake. Kwa mshahara wa Salum ningependekeza shilingi 150,000 kwa mwezi: 90,000 kufidia kilichopotea, na 60,000 za dharura. Kama ni nzito, waanze na 90,000. Chini ya hapo ni sawa, mradi wote wawili wajue ni pungufu kiasi gani, na mshahara ukipanda wairudie hesabu.

Pesa hiyo ikishatumwa ni ya nani? Kifungu cha 61 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwenza akimpa mwenzake mali, itachukuliwa kuwa ni ya aliyepewa, hadi ithibitishwe vinginevyo. Ndiyo maana ni vizuri itumwe kwa njia inayoacha alama, na maelezo ya muamala yaseme "akiba ya Rehema", si "matumizi". Salum akifariki, akaunti zilizo kwa jina lake zinafungwa mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, na hapo huweza kupita miezi. Akaunti ya Rehema haifungwi. Katika wiki za msiba, hilo lina maana kuliko hati yoyote.

Akaunti ya pamoja haichukui nafasi ya mfuko huu. Ikiwa ni ya saini ya yeyote, mmoja anaweza kuimaliza mchana mmoja. Ikiwa ni ya saini za wote wawili, aliyebaki nyumbani hawezi kutoa nauli bila mwenzake. Inafaa kwa ada na kodi tu.

Mfuko una pengo lake pia. Wakati wa talaka, akiba iliyowekwa ndani ya ndoa inaweza kuingizwa kwenye hesabu ya mgawanyo, na mahakama ikamwambia Rehema ameshapata sehemu yake, kama ilivyosemwa kwa Bi Hawa. Na ada ikipungua Januari, mfuko huu ndio wa kwanza kukopwa. Wakikopa waandike, na warudishe kama wangerudisha kwa SACCOS.

Zikikaa pamoja

| Tukio | Kusubiri sheria | Majina mawili | Mfuko wake |
|---|---|---|---|
| Talaka | Anathibitisha mchango, mgawo haujulikani | Anaanzia nusu | Uko mkononi, unaweza kuhesabiwa |
| Kifo | Kifungu cha 114 hakimsaidii | Kinga kubwa kuliko zote | Haufungwi wakati wa msiba |
| Rehani | Ridhaa yake inahitajika | Saini yake kama mmiliki | Hauguswi, asipoudhamini mkopo |
| Uzee wakiwa pamoja | Hakuna | Makazi | Pensheni na akiba |
| Gharama | Hakuna sasa, kubwa baadaye | Ndogo wakati wa kununua, kubwa baadaye | Kila mwezi |

Kwa wenye kiwanja au nyumba, ningeanza na majina, kwa kuwa yanafanywa mara moja. Kwa wapangaji, mfuko. Kusubiri sheria nisingekuchagua kama mpango, ila ushahidi wake uandaliwe hata ukichagua njia nyingine: nakala ya cheti cha ndoa, kitabu cha kikoba, picha za ujenzi, risiti zenye jina la aliyetoa pesa. Viwekwe nakala nje ya nyumba, kwa dada au mama.

Wanaoishi pamoja bila ndoa wawe waangalifu zaidi. Kifungu cha 160 kinawachukulia kuwa wameoana wakiwa wamekaa miaka miwili au zaidi na jamii ikiwajua kama mke na mume, lakini dhana hiyo inapingika, kwa mfano mmoja akiwa na ndoa ya Kikristo ambayo haijavunjwa. Kwao njia ya kwanza inategemea kesi nyingine ya kuthibitisha ndoa yenyewe kabla ya mchango. Majina na mfuko haviulizi cheti.

Na msomaji wa Kenya asichukue vifungu vyangu kama vilivyo. Huko Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 imeandika waziwazi kwamba kazi za nyumbani, malezi, hata kuwa mwandani wa mwenzako, ni mchango, na inaruhusu wachumba kuandikiana makubaliano ya mali kabla ya ndoa. Ila mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi kila mmoja atoke na nusu. Mchango unapimwa kesi kwa kesi, kwa hiyo risiti na kitabu cha chama vina thamani ile ile Nakuru na Chanika.